Trapeza au Simpson? Rundo moja la changarawe, majibu mawili

Rundo lilikuwa kando ya barabara ya vumbi upande wa Ahero, ukitoka Kisumu kuelekea uwanda wa Kano. Changarawe ilikuwa imemwagwa na matipa, kisha shavo, ile mashine ya koleo kubwa la mbele, likaisukuma na kuikweza mpaka ikawa mgongo mmoja wa urefu wa mita 40. Mwenye mali alitaka kulipwa kwa mita za ujazo. Mkandarasi naye alitaka kujua ana kiasi gani kabla mvua haijafunga njia. Tukapiga vigingi kila mita 5, tukapima mikato tisa, yaani eneo la rundo likikatwa kwa upana penye kila kigingi, na jioni kila mtu akakaa na daftari lake.

Kijana wa mkandarasi akaleta mita za ujazo 447. Mimi, kwa mikato ileile, nilikuwa na 452. Mwenye mali akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa injinia, changarawe yangu inazaana?"

Haizai. Kila mmoja wetu alikuwa ametumia kanuni yake, na hesabu zote mbili zilikuwa zimefanywa vizuri. Haya ndiyo maeneo tuliyoyapata, umbali ukiwa kwa mita na eneo la mkato kwa mita za mraba:

| Umbali | 0 | 5 | 10 | 15 | 20 | 25 | 30 | 35 | 40 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Eneo | 0 | 6.4 | 13.1 | 16.8 | 17.6 | 17.2 | 12.4 | 5.9 | 0 |

Kijana alitumia kanuni ya trapeza, ile ya hisabati ya kidato cha nne. Unachukua nusu ya mkato wa kwanza na nusu ya wa mwisho, unajumlisha na mikato yote ya katikati, kisha unazidisha kwa nafasi iliyopo kati ya mkato na mkato. Hapa ncha zote mbili ni sifuri, kwa hiyo kazi ni fupi: mikato saba ya katikati inaleta 89.4, mara 5, ni 447.0.

Mimi nilitumia kanuni ya Simpson. Mikato ya katikati inapewa uzito kwa zamu: wa kwanza mara 4, wa pili mara 2, wa tatu mara 4, hivyo hivyo hadi mwisho. Ncha zinachukuliwa mara moja moja. Jumla inazidishwa kwa theluthi ya nafasi. Ya mara nne ni 6.4, 16.8, 17.2 na 5.9, jumla 46.3. Ya mara mbili ni 13.1, 17.6 na 12.4, jumla 43.1. Mara nne ya 46.3 ni 185.2, mara mbili ya 43.1 ni 86.2, pamoja 271.4. Zidisha kwa 5, gawanya kwa 3, unapata 452.3. Ukiwa na maeneo hayo kwenye Excel, kuanzia seli B2 hadi B10, fomula ni hii:

```
=5/3*(B2+4*(B3+B5+B7+B9)+2*(B4+B6+B8)+B10)
```

Jina ni la Thomas Simpson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1710, lakini Johannes Kepler alikuwa ameshaitumia kwa mapipa ya divai mwaka 1615 akiwa na mikato mitatu tu. Pipa na rundo ni ndugu kwa jambo moja: vyote vimenenepa katikati.

Na unene huo ndio unaotenganisha majibu. Chora grafu, umbali ukiwa chini na eneo likipanda juu. Kwa rundo letu utaona umbo la upinde. Trapeza inaunganisha nukta na nukta kwa mstari ulionyooka, kama uzi wa upinde, na uzi daima hukaa ndani ya mti wake. Kile kinachobaki kati ya uzi na mti ni changarawe ambayo haikuhesabiwa. Simpson inachukua nukta tatu tatu na kupitisha mpindo juu yake, kwa hiyo inaufuata ule mti wa upinde. Ndiyo maana kwa rundo lililotuna, trapeza humpunja mwenye mali kidogo.

Lakini tusikimbilie kusema trapeza hupunja siku zote. Wakati mwingine shavo huvuta changarawe na kuacha mkia uliochongoka, unaopungua upana na kimo kwa pamoja. Mkia kama huo ni piramidi iliyolala, na ujazo wa piramidi ni theluthi ya kitako mara urefu. Tuseme mkato wa mwisho ulio na kitu ni mita za mraba 6, na mkia una mita 5. Ujazo wa kweli ni 10. Trapeza inasema 15, maana yenyewe inagawanya kwa mbili. Nusu nzima imeongezeka hewani. Ukipima mkato mmoja zaidi katikati ya mkia, utapata 1.5, na Simpson kwa nafasi ya mita 2.5 italeta 10 kamili. Upande wa pili, ncha iliyomwagwa na tipa na kuachwa hivyo huwa kama nusu ya koni, na hapo ujazo ni zaidi kidogo ya nusu ya mkato mara urefu, karibu 0.52. Kwa ncha ya namna hiyo trapeza haina kosa la kukutia wasiwasi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kanuni, zunguka rundo kwanza utazame ncha zake.

Sasa, tofauti ya 447 na 452 ina uzito gani? Mita za ujazo 5.3. Tulijaza kisanduku cha mbao cha nusu mita kwa nusu mita, kina sentimita 40, tukakipima kwenye mizani: kilo 148 za changarawe. Kisanduku hicho ni sehemu ya kumi ya mita ya ujazo, kwa hiyo mita nzima ni kama tani 1.48. Ubishi wetu wote ulikuwa wa tani 8 hivi, haitoshi kujaza tipa la magurudumu kumi. Ni zaidi kidogo ya asilimia moja ya rundo.

Hali inabadilika mtu akiona uvivu wa kupiga vigingi. Chukua kila mkato wa pili tu, yaani nafasi ya mita 10. Trapeza inabaki na 13.1, 17.6 na 12.4, na jibu linashuka hadi 431. Simpson kwa mikato hiyohiyo inatoa 457.3. Trapeza imehama mita 16 ukilinganisha na ile ya mita 5. Simpson imehama 5 tu. Hapo ndipo faida ya Simpson inapoonekana: vigingi vikiwa vichache, bado inakaribia. Vigingi vikiwa vingi, trapeza inaifikia na ubishi unakwisha wenyewe.

Kuna kipande cha ufundi hapa ambacho kimeniokoa mara nyingi kuliko fomula yenyewe. Piga trapeza mara mbili, moja kwa vigingi vyote na moja kwa kuruka kimoja kimoja. Toa ile ya kuruka kwenye ile ya vigingi vyote: 447 kutoa 431 ni 16. Gawanya kwa 3, unapata 5.33. Ongeza kwenye 447: 452.33. Ndiyo Simpson ileile, hata desimali hazijapotea. Kwa hiyo huhitaji kukumbuka nani ni mara nne na nani ni mara mbili. Na ile 16 yenyewe inakupa habari: ikiwa ndogo, vigingi vyako vinatosha, ikiwa kubwa, rudi ukapige vingine kabla ya kusaini chochote.

Wanafunzi huniuliza kuhusu ordineti ya kati, ile nyingine ya kidato cha nne. Inatumia mikato iliyo katikati ya kila kipande. Kwa vipande vya mita 10 ni mikato ya 5, 15, 25 na 35: jumla 46.3, mara 10, ni 463. Kwa rundo lililotuna inazidisha, pale trapeza inapopunguza. Uzuri wake ni kwamba hukai kubishana rundo linaishia wapi hasa, kwenye yale mawe machache yaliyobiringika mbele. Ningeitumia nikiwa na haraka na rundo refu. Kwa malipo, hapana.

Yote hayo yanadhani kwamba maeneo ya mikato ni sahihi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza mita nyingi kuliko wanazogombania kwenye kanuni. Chukua mkato wa mita 20. Upana wa chini ulikuwa mita 10.8. Tulisoma kimo kila mita 1.8 kwa leveli na fito yenye alama: 0, 1.10, 2.35, 3.10, 2.20, 1.03, 0. Kijana wa fito alikuwa akipanda, mawe yanabiringika chini ya viatu, na fito inazama sentimita nne au tano kila akiiweka. Tulitafuta kifuniko cha debe akawa anakitandika kwanza, fito inakaa juu yake. Kitu kidogo, lakini sentimita 5 kwenye upana wa mita 10 ni nusu mita ya mraba kwa kila mkato.

Kwa vimo hivyo, trapeza inatoa 9.78 mara 1.8, yaani 17.6. Simpson kwa vimo hivyohivyo inatoa 18.0. Ipi ni ya kweli? Hapa nasimama upande wa trapeza bila kusita. Changarawe iliyomwagika huteremka kwa mstari karibu ulionyooka, kwa mwinuko wake wa asili, na juu kuna kilele. Mstari ulionyooka ndio trapeza inaujua. Simpson inakuta kilele cha 3.10 kikiwa kwenye zamu ya mara nne, inadhani ni kichwa cha mviringo, na inakivimbisha. Sharti moja tu: fito isimame kwenye kilele chenyewe na pale mteremko unapovunjika, hata kama hapaangukii kwenye hatua zako za 1.8. Hatua zikiwa hazilingani, trapeza haijali, unahesabu kila kipande peke yake. Simpson hii ya kawaida haiwezi.

Basi msimamo wangu ndio huo: kukata rundo kwa upana, trapeza, kwenda nalo kwa urefu, Simpson. Sababu ni umbo. Upana una miteremko iliyonyooka, urefu una tumbo.

Wapo wanaopima upana na kimo cha kilele tu, kisha wanahesabu mkato kama pembetatu. Kwa mkato wetu ni nusu ya 10.8 mara 3.10, sawa na 16.7. Wamepoteza karibu mita moja ya mraba kwa sababu mabega ya rundo yalikuwa yamejaa. Ikijirudia kwa mikato yote, asilimia 5 ya rundo imekwenda, mita za ujazo 20 na zaidi. Hiyo ni mara nne ya ubishi wetu wa Simpson na trapeza.

Mkato nao lazima ukate kwa pembe mraba na mstari wa vigingi. Tulivuta kamba kando ya rundo, na kwa kila kigingi tukafunga pembe kwa kamba ya pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5. Mkato ukienda mshazari kwa nyuzi 20, upana unaongezeka kwa asilimia 6, na eneo nalo linafuata. Macho hayagundui nyuzi 20 ukiwa umesimama chini ya rundo la mita tatu.

Kisha kuna sakafu. Uwanda wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika. Rundo letu lilikalia karibu mita za mraba 350 za udongo huo. Tukikosea usawa wa chini kwa sentimita 10 tu, hizo ni mita za ujazo 35. Hakuna kanuni itakayoziona. Sisi tulikuwa na bahati kwamba usawa wa uwanja ulipimwa kabla tipa la kwanza halijamwaga. Usipokuwa nao, pima usawa wa ardhi kuzunguka rundo lote, si upande mmoja, kisha chimba vishimo viwili vitatu kwenye ukingo hadi uone mweusi. Utajua kama changarawe imezama au kama rundo limekalia tuta. Ile tabaka ya chini iliyochanganyika na matope afadhali ikubaliwe mapema kwamba hailipiwi, maana hata barabarani haifai.

Tukirudi kwenye kuchagua. Simpson inadai vipande vya idadi shufwa, vinane kama vyetu, sita au kumi. Watu hufika na vipande saba ndipo wanakumbuka. Dawa ni kupima urefu kwanza kisha kuugawanya. Rundo likiwa na mita 42, usilazimishe mita 5 kisha ubaki na kipande cha mita 2 kinachoning'inia. Gawanya kwa 8, piga vigingi kila mita 5.25. Ikiwa umeshachelewa na una vipande saba, fanya sita kwa Simpson na cha mwisho kwa trapeza, ukichagua cha upande ulionyooka zaidi. Na kama mkataba umetaja kanuni, fuata mkataba. Watu wawili wakikubaliana trapeza kabla ya kupima, hakuna aliyeibiwa.

Trapeza ndiyo ningeichagua pia kwa rundo lenye vichuguu, lile la tipa juu ya tipa ambalo halijasawazishwa. Mkato mmoja ukiangukia kichuguu, mwingine bondeni, ile zamu ya nne na mbili inaanza kucheza kamari: kosa la mkato wa mara nne linaingia kwa theluthi moja zaidi kuliko kwenye trapeza. Sawazisha kwanza kwa shavo, ndipo ulete Simpson.

Hilo tuliliona wiki iliyofuata. Shavo lilikuwa limeingia ubavuni na kung'ata pengo la upana wa mita 3 hivi, na kwa bahati mbaya lilikuwa sawasawa kwenye kigingi cha 25. Mkato uliokuwa 17.2 ukawa 9.0. Changarawe iliyoondoka ilikuwa 8.2 mara 3, karibu mita 25. Trapeza iliona pengo la upana wa mita 5, ikapunguza 41. Simpson, kwa kuwa kigingi hicho kilikuwa cha mara nne, ikapunguza karibu 55, na rundo likashuka hadi 398. Na pengo lingeangukia katikati ya vigingi, zote mbili zingesema rundo halijaguswa.

Tulichofanya ni kuacha mkato wa zamani kama ulivyokuwa, kisha kulipima pengo peke yake, kwenye kingo zake mbili na katikati, na kulitoa kwenye jumla. Tukaandika 427. Mwenye mali akalitazama lile pengo, akauliza, "Na hili shimo nalo ni la nani?"

"La mkandarasi, mzee," nikamwambia. "Limeshapanda tipa."